Kusoma jioni au kwa masafa huku msaada wa masomo ukiendelea: hesabu ya krediti hatua kwa hatua

Ninafanya kazi katika ofisi ya misaada ya masomo ya chuo cha jamii nchini Marekani. Swali ninaloulizwa zaidi na watu wanaofanya kazi mchana ni hili: "Nikisoma jioni tu, au mtandaoni, Pell Grant yangu itakatwa?" Pell ni ruzuku ya serikali kuu ya Marekani kwa wanafunzi wenye uhitaji, isiyorudishwa kama mkopo. Jibu ni kwamba jioni na mtandao si tatizo. Serikali kuu haiangalii saa unayoingia darasani. Inahesabu krediti zako, na haihesabu zote.

Mwongozo huu ni wa wanaojaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu, yaani raia, wenye kadi ya kijani, na wengine wanaokubaliwa na masharti yake. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi ya F-1 hapati msaada wa serikali kuu, na viza yenyewe inamtaka asome mzigo kamili. Tena kwake ni kozi moja tu ya mtandaoni, isiyozidi krediti 3 kwa muhula, inayohesabiwa katika mzigo huo. Huyo aanze na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kupunguza chochote.

Hatua ya 1: Geuza krediti kuwa saa

Kipimo cha kawaida ni kwamba krediti 1 ni saa 1 ya darasa na saa 2 za kujisomea kila wiki, kwa muhula wa wiki 15 hivi. Kozi ya krediti 3 basi inakula saa 9 kwa wiki. Krediti 12, ambazo ndizo mzigo kamili kwa anayesoma shahada ya kwanza au diploma, ni saa 36. Ukiwa na kazi ya saa 40 juu yake, hesabu hiyo haikubali.

Wanaosoma jioni huteleza hapa. Programu nyingi za jioni na za mtandaoni hubana kozi katika wiki 8 badala ya 15. Krediti ni zilezile 3 na kazi ni ileile, ila muda ni karibu nusu, kwa hiyo kozi moja inafika saa 17 kwa wiki. Mtu anaona "kozi mbili tu" kwenye ratiba na hajui kwamba amejitwika saa 34. Kabla ya kujisajili, tazama tarehe ya kuanza na ya kumaliza ya kila kozi, usitazame jina lake tu.

Hatua ya 2: Toa krediti zisizohesabika

Chukua orodha ya kozi ulizojisajili na uiweke kando ya mpango wa cheti chako. Kozi isiyokidhi sharti lolote la cheti hicho, hata kama chaguo huria, haiingii katika hesabu ya msaada wa serikali kuu. Chuo kitakuruhusu kuisoma na kitakutoza ada, ila Pell haiitambui. Kozi uliyokwisha kufaulu unaweza kuirudia kwa msaada mara moja tu. Ukiirudia tena baada ya hapo, unajilipia.

Mfano ambao nitautumia hadi mwisho: mama anayewahudumia wazee mchana anasomea diploma ya krediti 60. Amejisajili biolojia ya jioni, krediti 4, ya wiki 15. Amechukua Kiingereza cha mtandaoni, krediti 3, kinachoanza katikati ya muhula na kubanwa katika wiki 8. Kwa kupenda kwake ameongeza uchoraji, krediti 3. Ratiba inasema krediti 10. Uchoraji haumo katika mpango wa diploma yake wala hana nafasi ya chaguo huria iliyobaki. Kwa msaada, ana krediti 7.

Kozi za mtandaoni zinahesabiwa sawa na za darasani, alimradi mwalimu anafundisha na kuwasiliana na wanafunzi mara kwa mara. Kozi ambayo unatumiwa vitabu na mitihani, unasoma mwenyewe, na mwalimu anasubiri umwandikie ni jambo jingine: hiyo ni elimu kwa njia ya posta hata kama "posta" siku hizi ni barua pepe. Anayesoma kwa njia hiyo peke yake hahesabiwi zaidi ya nusu mzigo, hata ajisajili krediti ngapi. Uliza ofisini kozi yako imeandikishwa kama ipi, maana tovuti ya chuo inaweza kuziita zote "za masafa".

Hatua ya 3: Pima ruzuku

Tangu mwaka wa masomo 2024–25, Pell hupimwa kwa asilimia. Zamani ilipanda kwa ngazi: mzigo kamili, robo tatu, nusu, na chini ya nusu. Sasa unagawa krediti zinazohesabika kwa 12, kisha unakadiria hadi asilimia kamili iliyo karibu. Krediti 6 ni asilimia 50, 7 ni 58, 9 ni 75. Ukizidi 12 hupati zaidi ya 100.

Tuseme mama yetu angepata dola 3,000 kwa muhula wa mzigo kamili. Kwa krediti 7 atapata asilimia 58, yaani dola 1,740. Kama alikuwa amepanga bajeti kwa krediti 10 zilizo kwenye ratiba, alitegemea asilimia 83, dola 2,490. Pengo la dola 750 limetokana na uchoraji peke yake.

Lipo jambo la kumpoza. Pell ina kikomo cha maisha cha asilimia 600, sawa na mihula 12 ya mzigo kamili, na muhula mmoja kamili unakula 50. Muhula wake huu utakula 29 tu. Anayesoma polepole hapotezi sehemu asiyoitumia.

Hatua ya 4: Angalia mstari wa krediti 6

Pell hulipwa hata kwa krediti 3. Mkopo wa serikali kuu haulipwi chini ya nusu mzigo, ambayo kwa vyuo vingi ni krediti 6 zinazohesabika. Na kuanzia Julai 2026, sheria mpya inapunguza kiwango cha mkopo wa mwaka kwa uwiano wa mzigo, kwa hiyo hata aliye juu ya 6 asitegemee kiwango cha aliye na 12.

Mstari huu unagusa pia mikopo ya zamani. Ukishuka chini ya nusu mzigo, muda wa kusubiri wa miezi 6 unaanza kuhesabiwa, na ukiisha unaanza kulipa, hata kama bado unaingia darasani kila Jumanne jioni. Ukirudi kwenye krediti 6 kabla miezi hiyo haijaisha, unaipata upya yote. Ikikwisha, mkopo huo hauna miezi mingine ya kusubiri, ingawa ukirudi kusoma nusu mzigo malipo huweza kusimamishwa tena.

Misaada ya jimbo, ya chuo na ya wafadhili binafsi ina sheria zake, na kwa kawaida ni mikali kuliko ya serikali kuu. Mingi inadai krediti 12, mingine 15. Soma barua ya kila msaada peke yake.

Hatua ya 5: Jua tarehe ya kufunga hesabu

Kila chuo kina siku ambayo krediti zako "zinagandishwa" kwa ajili ya Pell. Ukiacha kozi kabla ya siku hiyo, ruzuku inahesabiwa upya. Ukiiacha baadaye ukiwa ulishaanza kuisoma, kwa kawaida ruzuku inabaki. Lakini kozi ambayo hukuianza kabisa haihesabiki hata kama tarehe imepita.

Rudi kwa mama yetu. Amelipwa dola 1,740 mwanzoni mwa muhula, ikiwemo sehemu ya Kiingereza ambacho hakijaanza. Biolojia inamchosha, na wiki ya 8 ikifika anaamua kutoingia kabisa kwenye Kiingereza. Sasa ana krediti 4, asilimia 33, dola 990. Zile 750 zilizozidi zinageuka deni kwenye akaunti yake ya chuo. Kama mkopo wake ulikuwa haujatolewa, nao hautatolewa, kwa sababu yuko chini ya 6. Ndiyo maana mimi huwashauri wenye kozi za nusu ya pili ya muhula wasitumie pesa yote ya kwanza hadi waingie kwenye kozi hizo.

Kuacha kozi zote ni hesabu nyingine. Ukiondoka kabisa kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, msaada uliostahili unalingana na siku ulizosoma. Akiondoka siku asilimia 30 imepita, katika dola 1,740 amestahili 522. Sehemu ya iliyobaki chuo huirudishia serikali, kisha kinaweza kumdai yeye.

Hatua ya 6: Linda kasi yako

Ili msaada uendelee, chuo hupima umekamilisha krediti ngapi kati ya ulizojaribu, tangu ulipoanza. Vyuo vingi vinataka takriban asilimia 67. Kozi uliyoiacha ikaandikwa W, alama ya kujiondoa, imejaribiwa, haikukamilika. Kipimo hiki kinamwumiza mwenye mzigo mdogo kuliko mwenye mzigo mkubwa. Mwanafunzi mwenye krediti 12 akiacha biolojia ya 4, muhula huo amekamilisha theluthi mbili. Mama yetu mwenye 7 akiacha biolojia hiyohiyo, amekamilisha 3 kati ya 7, asilimia 43. Kama ni muhula wake wa kwanza, onyo litamfikia.

Kuna na kikomo cha asilimia 150: kwa diploma ya krediti 60, msaada unakoma pale inapoonekana huwezi kumaliza ndani ya krediti 90 ulizojaribu. Kinapima krediti, wala si miaka ya kalenda, kwa wanaosoma kwa krediti. Kusoma miaka sita si kosa. Kuacha kozi kila muhula ndiko kunakommaliza mtu.

Hatua ya 7: Andika kabla ya kubofya

Kabla ya kuongeza au kuondoa kozi kwenye mfumo, tuma ujumbe kwa ofisi ya misaada, upate jibu la maandishi. Usiandike "naomba kujua kuhusu msaada wangu", maana utajibiwa kwa kiungo cha tovuti. Andika hivi:

"Nimejisajili kozi hizi tatu, na hizi ni namba zake. Ni krediti ngapi zinahesabika kwa programu yangu? Nikiondoa ya tatu leo, Pell itakuwa kiasi gani, na mkopo wangu utatolewa lini? Tarehe ya kufunga hesabu ya muhula huu ni ipi? Kasi yangu ya ukamilishaji sasa ni asilimia ngapi?"

Mshauri wa masomo anaweza kukujibu swali la kwanza. Matatu yaliyobaki mwulize mtu wa misaada, kwa sababu mshauri mara nyingi haoni akaunti yako ya fedha.