Somo: Waraka wa gemu ya kilimo kwa timu ya watu watatu

Wakuu, timu yetu ni watu watatu: mmoja anaandika kodi, mmoja anachora, na mimi nasanifu. Waraka wetu wa kwanza ulikuwa na kurasa 40, zikiwemo historia ya kijiji kizima na jina la mbuzi wa mwenyekiti. Kuhusu mchicha kulikuwa na sentensi moja tu: "Mchicha unakomaa baada ya siku 3." Mwandika kodi akaielewa kuwa ni saa 72 za ndani ya gemu tangu mbegu iingie ardhini, kwa hiyo mchicha uliopandwa jioni ukawa unaiva jioni, mchezaji keshaenda kulala. Mchoraji naye alichora hatua nne, kodi ikawa na tatu. Sentensi ile ilitugharimu wiki mbili. Ninachoeleza hapa ni namna tulivyouandika upya.

Hatua ya 1: Anza na usiku

Watu wengi huanza na mchana, yaani jembe, ndoo na soko. Lakini kwenye gemu ya kilimo karibu kila kitu hubadilika mchezaji akilala, kwa hiyo ukurasa wa kwanza uwe orodha ya mambo ya usiku kwa mpangilio wake. Wetu uko hivi:

1. Mazao yaliyowekwa kwenye tenga yanalipwa.
2. Kila mmea uliopata maji leo unaongeza umri kwa 1, na kiu yake inarudi 0. Usiopata maji, umri unabaki ulipo na kiu inaongezeka kwa 1. Kiu ikifika kikomo, mmea unakufa.
3. Udongo wote unakauka.
4. Hali ya hewa ya kesho inachaguliwa. Ikiwa ni mvua, mashimo yote yanahesabiwa yamemwagiliwa.
5. Gemu inahifadhiwa.

Mpangilio huu si pambo. Sisi tuliwahi kuweka namba 4 juu ya namba 2, na mvua ya kesho ikawa inakuza mimea usiku wa leo. Kuligundua ilikuwa kazi, maana shamba lilionekana linastawi tu. Tulishtuka pale mmea ambao haujaguswa na ndoo hata mara moja ulipokutwa asubuhi na umri wa 1, siku ya kwanza kabisa ya mvua.

Hatua ya 2: Jedwali la mazao liwe faili, si aya

Namba zikikaa ndani ya aya, kila mtu atakuwa na zake. Weka faili moja ambalo gemu yenyewe inalisoma:

```
zao,siku,mbegu,bei,kiu_max,picha
mchicha,3,10,25,2,0|1|3
mahindi,12,20,62,3,0|2|5|9|12
```

Safu ya `picha` ndiyo iliyomaliza ugomvi na mchoraji. Inasema picha inabadilika mmea ukiwa na umri gani, kwa hiyo anahesabu mwenyewe: mchicha picha tatu, mahindi tano.

Siku zenyewe tulizipata shambani. Mchicha huvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa, mahindi siku 90 hadi 120 kutegemea mbegu. Tukagawa kwa 8. Msimu tukaupa siku 20, ingawa masika halisi, Machi hadi Mei, yangetoa siku 11 au 12 tu kwa hesabu hiyo. Hata kijijini mahindi ya masika huvunwa mvua zikiwa zimeshaisha, kwa hiyo sikuona tatizo kuurefusha.

Hatua ya 3: Pima kila zao kwa vitu viwili

Mchezaji ana vitu viwili vya kubana: mashimo na nguvu. Nguvu ni 100 kwa siku. Kulima shimo ni 4, kupanda 1, kumwagilia 2, kuvuna 1.

Mwanzoni mahindi tuliyauza 90. Faida ni 70 kwa siku 12, yaani karibu 5.8 kwa shimo kwa siku. Nguvu ni 4 + 1 + 24 za maji + 1, jumla 30, kwa hiyo kila nguvu moja inarudisha 2.3. Mchicha unatoa faida ya 15 kwa siku 3, yaani 5 kwa siku, na unakula nguvu 12, sawa na 1.25. Mahindi yanashinda kote kote. Wote tuliowapa gemu waijaribu walipanda mahindi hadi mlangoni kwa nyumba, na wala sikuwalaumu.

Tukashusha bei ikawa 62. Sasa mahindi yanatoa 3.5 kwa shimo kwa siku, lakini 1.4 kwa nguvu. Mwenye shamba dogo anafuata mchicha, mwenye shamba kubwa asiyeweza kulizunguka lote anafuata mahindi. Mvua nayo inafanya kazi bila sisi kuongeza sheria yoyote: kwa kuwa nguvu 24 kati ya 30 za mahindi ni maji, mvua ikinyesha nusu ya siku zile, kila nguvu inarudisha 2.3. Masika yakawa msimu wa mahindi yenyewe.

Hesabu hizi ziandikwe ndani ya waraka, pamoja na tarehe na sababu ya kushusha bei. Vinginevyo miezi miwili baadaye mtu ataona 62 ni ndogo na kuirudisha 90.

Hatua ya 4: Andika kingo

Zao lisiloiva msimu ukiisha linakauka. Hivyo mahindi mwisho wa kuyapanda ni siku ya 8, yavunwe asubuhi ya 20. Mchicha ni siku ya 17. Duka liwaambie wachezaji. Kisha andikeni nusu ukurasa wa vitu visivyokuwemo. Kwetu ni ndoa, uvuvi, na yule mbuzi.

Maswali ya wanachama

Swali: Kaka, mimi nafanya na mdogo wangu tu. Kuna haja ya waraka kweli?

Jibu: Ukurasa wa usiku na faili la mazao vinawatosha. Mengine mtaambiana mkila.

Swali: Naomba kuongeza viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Niviandikeje?

Jibu: Kwanza amua vinakula kitu gani kati ya viwili vile. Mimi ningechagua nguvu. Mfano: kila usiku, mahindi yenye umri wa 2 hadi 8 yana nafasi 1 kati ya 10 ya kuvamiwa, na kuvitoa ni nguvu 3. Shamba la mashimo 24 litapata wastani wa mashimo 2.4 kwa usiku, yaani nguvu kama 7 kati ya 100. Inasumbua bila kumfukuza mtu. Kitendo kinaweza kuwa kutia majivu au mchanga kwenye moyo wa mmea, kama wakulima wengi wanavyofanya. Andika pia ukaguzi huu unaingia nafasi ya ngapi usiku. Mimi ningeuweka mara baada ya namba 2.

Swali: Natumia Godot. Faili langu la `.csv` linageuzwa kuwa la tafsiri, halisomeki kama jedwali.

Jibu: Ndivyo Godot inavyolichukulia isipoambiwa vingine. Libofye, nenda kwenye `Import`, chagua `Keep File`, kisha bofya `Reimport`. Baada ya hapo lisome mstari kwa mstari kwa `get_csv_line()`, na ukumbuke kila kinachorudi ni maandishi: `siku` igeuze namba kwa `int()` kabla ya kuilinganisha na umri.

Swali: Dada yangu mchoraji anauliza mmea uliokufa una picha ngapi.

Jibu: Moja kwa kila zao. Haimo kwenye jedwali, naiongeza leo.