Tusi lipime kwa uso wa anayetukanwa

Wenzangu wa Nairobi mnaoandika manukuu ya Kiswahili ya filamu za Kiingereza, kabla ya kuchagua tusi, zima sauti, mwangalie anayetukanwa. Akicheka na kuendelea kula, "fala wewe" inatosha, hata kama Kiingereza kimemtaja mamake. Akisukuma kiti na kukunja ngumi, andika "mbwa wewe" au kali zaidi. Ukilainisha hapo, mtazamaji hataelewa ugomvi umetoka wapi. Sikioni tusi hupita na kicheko cha msemaji, lakini likiandikwa linabaki kwenye skrini bila toni, kwa hiyo husomeka kali kuliko lilivyosemwa. Mbinu hii haifai pale anayetukanwa anapoficha uchungu akalipiza baadaye, kwa hiyo tazama filamu yote kwanza.