Kabla Hujachomoa Flashi: Maneno Machache kwa Wenzangu wa Ofisini

Wenzangu, dakika chache tu kabla hamjarudi kwenye hesabu za mwisho wa mwezi. Diski nyingi zinazoletwa mezani kwangu hazijafa kwa uzee. Zimechomolewa vibaya au zimeangushwa.

Hatua ya 1: Fanyia kazi kwenye kompyuta. Tuseme faili la mishahara liko kwenye flashi. Linakili kwanza kwenye kompyuta, ulifanyie kazi humo, ukimaliza ulirudishe. Excel inapohifadhi huandika kwanza faili la muda pembeni, kisha inalibadilisha na lile la zamani. Ukichomoa katikati, unaweza kukuta faili geni lenye jina la herufi na tarakimu nane zisizo na maana, na la mishahara halionekani. Ukilikuta, usilifute, niite.

Hatua ya 2: Toa kwa utaratibu. Funga Excel, bofya alama ya flashi karibu na saa, kona ya chini kulia, uchague Eject. Subiri ujumbe wa "Safe To Remove Hardware". Ukiambiwa kifaa bado kinatumika, kuna faili au dirisha umeliacha wazi. Usipoliona, zima kompyuta kabisa, ndipo uchomoe. Najua kuna watakaosema Windows za tangu 2018 hazihitaji haya. Ni kweli siku hizi haziweki data kiporo kama zamani, lakini faili ambalo bado linaandikwa halina kinga yoyote.

Hatua ya 3: Diski ya nje isihamishwe ikiwa inazunguka. Zile kubwa za bei nafuu zina sahani ndani, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake bila kuigusa. Ukiivuta upande wa pili wa meza, kinaweza kuikwaruza. Baada ya Eject, subiri mtetemo uishe kabisa ndipo uinue. Ukisikia tik-tik-tik inayojirudia, chomoa, usijaribu tena. Windows ikikuambia uiformati, bonyeza Cancel. Na hii amri mnayoiona mitandaoni:

```
chkdsk E: /f
```

Hurekebisha mpangilio wa mafaili kwa kuandika juu ya diski. Kwa diski inayokufa, inaweza kumalizia kilichobaki. Kwanza tunanakili, marekebisho baadaye.

Hatua ya 4: Bakapu. Faili la mishahara liwe na nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na moja nje ya jengo hili. Diski hiyo ichomolewe kila ukimaliza, maana kirusi kinachofunga mafaili hufunga na kilichochomekwa. OneDrive peke yake haitoshi, kwa sababu ukifuta hapa, inafuta na kule, na pipa lake la taka lina muda wake.

Kisha mara moja kwa mwezi, chukua diski ya bakapu, uichomeke kwenye kompyuta ya jirani, ufungue faili la mishahara na ulinganishe jumla ya mwisho na ile ya karatasi iliyosainiwa.