Somo: Nyimbo tatu za kujinyoosha kabla ya kulala

Somo hili lahitaji mkeka, ukuta, saa yenye mshale wa sekunde na nyimbo tatu za dakika tano tano. Anza baada ya Isha, chakula kikiwa kimeshuka vizuri. Ukijikunja na tumbo limejaa, pumzi haifiki chini na kiungulia kinapanda.

Kazi kubwa ni kuchagua nyimbo, na hiyo ifanye mchana. Cheza wimbo, gonga kidole gotini kwa kila pigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Ukipata mapigo 16, wimbo una 64 kwa dakika, nao unafaa sana. Wengi hukosea hapa: wanasikia mwimbaji anavuta sauti taratibu, wanadhani wimbo ni wa polepole, kumbe bongo na dumbaki zinapiga mara mbili chini yake. Mwili hufuata ngoma, haumfuati mwimbaji. Vidole vya miguu vikianza kucheza vyenyewe, wimbo huo uwekee arusi.

Usikilize mpaka mwisho pia. Taarabu ya zamani mara nyingi hufungua kwa upole, halafu fidla zote zikaingia kwa pamoja. Na ile iliyorekodiwa ukumbini humalizika kwa makofi na vigelegele, wakati wewe macho yameshafumba.

Mapigo ndiyo yanayopima pumzi. Vuta kwa mapigo 4, shusha kwa 6. Katika wimbo wa 64, pumzi moja nzima huchukua sekunde 9 na kidogo, kwa hiyo pumzi tatu ni karibu nusu dakika, nayo yatosha kwa mnyoosho mmoja. Saa huihitaji tena. Ile 6 usiipunguze: moyo hupunguza mwendo wakati pumzi inashuka.

Wimbo wa kwanza uwe na mapigo 64 hadi 70, nawe umesimama. Weka viganja ukutani, rudisha mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino kimeganda sakafuni, mpaka kigimbi kivute. Pumzi tatu, badilisha mguu. Rudia, kisha malizia kwa mabega na shingo.

Wimbo wa pili, 58 hadi 62, ni wa mkekani. Kaa, nyoosha mguu mmoja, mwingine ukunje. Inama ukitanguliza kifua. Ukitanguliza kichwa, mgongo ndio unaopinda na nyuma ya paja haipati kitu. Kila pumzi ikishuka, mwili nao ushuke kidogo. Usijirushe, kwa sababu msuli ukivutwa ghafla hujikaza kujilinda. Halafu lala chali, ulete goti moja moja kifuani.

Wa tatu usiwe na ngoma kabisa. Taksimu ya udi au ya nai ndiyo bora, mpigaji anapotembea juu ya sauti bila mwendo maalumu. Lala chali, miguu umeiegemeza ukutani, na uache kuhesabu, maana hesabu huiweka akili macho. Sauti iwe ndogo kiasi cha wewe kusikia pumzi yako mwenyewe juu ya udi.

MASWALI

Mkomani, Lamu: Mwalimu, nyimbo nizipendazo ni za mwendo wa tatu tatu. Nne na sita zanipotea.

Jibu: Usizilazimishe, dada. Vuta kwa 3, shusha kwa 6, ili kila pumzi ianze pale pigo zito linapoanguka. Hesabu mapigo madogo, na hakikisha 9 hayo yanachukua sekunde 8 au zaidi. Yakipungua, wimbo una haraka.

Matondoni: Nashinda nimechuchumaa kwenye mbao za jahazi. Nikinyoosha mguu nasikia ganzi na kama umeme mpaka kwenye unyayo.

Jibu: Huo si msuli, kaka, ni mshipa wa fahamu unavutwa. Kunja goti kidogo, rudi nyuma mpaka umeme uishe, na ubaki hapo. Msuli huvuta katikati ya paja, hauchomi hadi unyayoni. Ikiwa ganzi inabaki hata ukiwa umepumzika, au mguu unapoteza nguvu, nenda hospitali kabla ya kuendelea.

Maweni, Malindi: Napitiwa na usingizi kwenye udi, kisha simu inaendelea yenyewe na kunigutusha kwa wimbo wa kasi.

Jibu: Zipakue nyimbo tatu hizo peke yake, uzime intaneti. Kwenye aifoni fungua saa, ingia Timers, bonyeza When Timer Ends, shuka mpaka chini uchague Stop Playing, kisha weka dakika 16. Simu ilaze kifudifudi, mbali na mkono.