Mambo ya kuzingatia kabla ya kuendesha algoriti ya Kruskal

Algoriti ya Kruskal hutafuta mti unaounganisha nodi zote za grafu kwa jumla ndogo kabisa ya uzito wa kingo. Joseph Kruskal aliichapisha njia hii mwaka 1956: panga kingo kuanzia nyepesi hadi nzito, chukua kila ukingo usiofunga duara, ruka unaofunga. Inasomeka kirahisi, lakini kuna mambo ya kukagua kwanza.

Anza na grafu yenyewe. Kingo zake zisiwe na mwelekeo. Zikiwa na mishale, njia hii haikufai. Kisha hesabu nodi, kwa sababu mti wa nodi n una kingo n − 1 kamili. Tuseme tuna nodi tano, A hadi E, na kingo hizi zilizokwisha kupangwa: D–E 1, A–C 2, B–A 3, B–C 4, B–D 5, C–D 7, C–E 8. Tunatafuta kingo nne.

Sehemu inayowaangusha wengi ni daftari la makundi, yaani kumbukumbu ya nodi zipi zimekwisha kuunganishwa. Kabla ya kuanza, kila nodi iwe baba wa nafsi yake. Ukiunganisha makundi mawili, mzizi wa moja unawekwa chini ya mzizi wa jingine. Na unapouliza kama nodi mbili ni za kundi moja, panda mpaka juu kabisa, usiishie kwa baba:

```
def mzizi(x):
    while baba[x] != x:
        x = baba[x]
    return x
```

Hebu tufuate. D–E inaingia, E anakuwa chini ya D. A–C inaingia, C chini ya A. B–A inaingia, A chini ya B. Sasa inakuja B–C. Baba wa C ni A, baba wa B ni B mwenyewe, kwa hiyo anayelinganisha baba tu ataona makundi mawili na kuuchukua ukingo. Ukipanda, C anakwenda kwa A, A kwa B: mzizi ni mmoja, ukingo unarukwa. Kisha B–D inaunganisha pande zote mbili, kingo zimetimia nne, jumla ni 1 + 2 + 3 + 5 = 11. C–D na C–E hatuzigusi.

Kosa lile ni la hila. Programu mbovu nayo inasimama ikiwa na kingo nne, tena kwa jumla ya 10, ndogo kuliko jibu sahihi! Ila A, B na C zimefunga duara, na D na E zimebaki kisiwani. Kwa hiyo usiridhike na idadi ya kingo; mwishoni hakikisha nodi zote zina mzizi mmoja. Zisipokuwa nao hata baada ya kingo zote kusomwa, na `mzizi` iko sawa, basi grafu yenyewe ilikuwa imekatika tangu mwanzo.

Kingo zenye uzito sawa zisikusumbue. Mti wako unaweza kutofautiana na wa mwenzako, jumla ikabaki ileile.