Jinsi ya Kudai Waranti ya Mota ya Mashine ya Kusaga Iliyoharibika Mapema

Mwongozo huu unahusu mota ya umeme ya fezi tatu inayoendesha mashine ya kusaga nafaka, kwa kuwa ndiyo inayoletwa mara nyingi katika karakana yetu ikiwa bado ndani ya muda wa waranti. Nitafuata mfano wa mota ya kilowati 15 iliyonunuliwa mwezi Machi kwa wakala wa kiwanda, yenye waranti ya miezi 12, ambayo mwezi Julai ilianza kukwaruza na kupata joto kali kwenye beringi ya upande wa feni.

Hatua ya 1: Izime, wala usiifungue

Kiwanda kikikuta mota imefunguliwa na fundi kisiyemtambua, kwa kawaida hukataa dai bila kuangalia kingine, na bolti zilizokwaruzwa humtosha mkaguzi kuwa ushahidi. Fundi wa mtaani akisema anataka kuchungulia tu, mkatalie kwa upole. Piga picha ya kibati cha mota namba zikisomeka vizuri, kisha picha za puli, mkanda na stata ya kuwashia mota, pamoja na ovalodi yake inayokata umeme mzigo ukizidi, kabla ya chochote kuhamishwa.

Hatua ya 2: Soma kadi ya waranti

Tafuta mambo matatu: muda unahesabiwa kuanzia lini, dai linapokelewa na nani, na ni vitu gani havihusiki. Beringi mara nyingine huorodheshwa pamoja na vipuri vinavyochakaa. Ikiwa ndivyo, barua yako itabidi ieleze kwamba kuharibika baada ya miezi minne si uchakavu wa kawaida.

Hatua ya 3: Unganisha risiti na mota yenyewe

Kwa Tanzania, uthibitisho wenye nguvu ni risiti ya EFD, kwa sababu msimbo wake unaweza kuhakikiwa katika verify.tra.go.tz. Karatasi yake hufifia kwa joto, hivyo itolee nakala mapema. Tatizo ni kwamba risiti nyingi huandika “mota HP 20” pekee, jambo linalothibitisha kwamba ulinunua mota fulani, si hii inayolalamikiwa. Ambatisha hati ya makabidhiano au kadi ya waranti yenye namba ya mfululizo. Ukikosa zote mbili, mwombe muuzaji aiandike namba hiyo kwenye nakala ya risiti na kuigonga muhuri.

Hatua ya 4: Eleza hitilafu kwa vipimo

Hapa ndipo madai mengi hushindwa. Kiwanda kitauliza kama mota ilizidishiwa mzigo, kama fezi moja ilikatika, au kama mkanda ulikazwa kupita kiasi, na ni busara kujibu kabla hujaulizwa. Iwapo mota bado inazunguka kwa mkono bila kukwama na haina harufu ya kuungua, fundi mwenye leseni ya EWURA aiwashe kwa muda mfupi, apime, kisha aandike taarifa na kuitia saini.

Katika mfano wetu, volti kati ya fezi zilikuwa 398, 401 na 396, na mkondo ulikuwa ampea 24 hadi 25 katika kila fezi, chini ya ampea 29 zilizoandikwa kwenye kibati. Mkondo uliolingana hivyo unaonyesha kwamba wakati wa kupima hakuna fezi iliyokosekana wala mzigo uliozidi. Sehemu iliyopiga kelele nayo ina maana: mkanda uliokazwa mno huumiza kwanza beringi ya upande wa puli, lakini hii ilikuwa ya upande wa feni. Andika ulichoona na kupima, na uamuzi kuhusu chanzo uwaachie wakaguzi.

Hatua ya 5: Andika barua

Barua ielekezwe kwa kiwanda, na nakala apewe wakala:

> YAH: DAI LA WARANTI, MOTA YA KILOWATI 15, NAMBA YA MFULULIZO [iandike]
>
> Nilinunua mota iliyotajwa hapo juu tarehe [iandike], kama inavyoonekana kwenye risiti iliyoambatishwa. Mwezi Julai, ikiwa ndani ya muda wa waranti, beringi ya upande wa feni ilianza kukwaruza na kupata joto. Mota haijafunguliwa, na ilifungiwa ovalodi iliyorekebishwa kulingana na kibati, kama picha zinavyoonyesha. Naomba muikague na kuitengeneza au kuibadilisha kwa mujibu wa waranti, na mnijibu kwa maandishi ndani ya siku 14.
>
> Viambatisho: risiti, kadi ya waranti, taarifa ya fundi, picha.

Hatua ya 6: Tuma na kabidhi kwa maandishi

Tuma kwa barua pepe, na nakala ngumu uipeleke kwa wakala ili agonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi pamoja na picha za ukaguzi, kwani utazihitaji ukipeleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC). Mota inapochukuliwa, hati ya makabidhiano itaje namba ya mfululizo na ieleze kwamba imepokewa ikiwa haijafunguliwa.