Upatanisho: soma kiima, ruka hadi kitenzi

Barua pepe za ofisini hapa Dodoma zina sentensi ndefu, na kitenzi huishia kufuata nomino iliyo jirani badala ya kiima chake. Tazama hii: "Orodha ya watumishi wapya kutoka Kondoa na Mpwapwa wanaohamia Chamwino wametumwa masijala leo." Msomaji ataelewa kwamba watumishi ndio wametumwa masijala! Kikagua tahajia hakishtuki, maana "wametumwa" ni neno sahihi.

Kabla ya kutuma, angalia kiunganishi kinachogusa kiima: cha hudai ki-, vya hudai vi-, la hudai li-, za hudai zi-. Kisha soma kiima na kitenzi tu, ukiruka yote ya katikati: "Orodha... imetumwa."

Ya na wa ndizo zinazosumbua. "Taarifa ya" hutaka imepokelewa, "maombi ya" hutaka yamepokelewa. "Mkataba wa" umesainiwa, "wajumbe wa" wamesaini. Hapo weka kionyeshi: taarifa hii, maombi haya, mkataba huu. Na kama kiima hakina kiunganishi, mfano "Vifaa tulivyoagiza kwa ajili ya ofisi", usidanganywe na hiyo ya; ni ya "ajili".